Jumla pacha na jirani zake: kujumlisha bila kuhesabu vidole

Mpe mtoto wa darasa la pili hesabu ya 6 + 7, halafu usimtazame daftari bali mikono. Katika darasa moja hapa Kihesa nilifanya hivyo. Mtoto mmoja alipanga vijiti sita, akapanga vingine saba, akavihesabu vyote tangu mwanzo, akaandika 13. Mwalimu akaweka vema. Hesabu iliyofuata ilikuwa 7 + 6, naye akaanza upya kupanga vijiti vyote kumi na vitatu.

Jibu lilikuwa sahihi mara zote mbili, kwa hiyo daftari halikuonyesha tatizo lolote. Tatizo litajitokeza atakapofika kwenye 46 + 37, ambapo vijiti havitoshi na vidole vimekwisha. Mtoto huyu hakuhitaji vijiti zaidi. Alihitaji jumla chache anazozijua moja kwa moja, ili zimsaidie kuzipata nyingine.

Jumla rahisi kushikwa ni zile za namba na namba yenyewe: 2 + 2, 5 + 5, 8 + 8. Sisi tunaziita jumla pacha, na watoto wanalipenda jina hilo. Kuanzia 1 + 1 hadi 9 + 9 ziko tisa tu. Kila pacha ana jirani, yaani jumla ambayo namba moja imezidi nyingine kwa moja: 3 + 4, 6 + 7, 8 + 9. Majirani wako wanane. Ukizipanga jumla zote za namba 1 hadi 9, na kuchukua 6 + 7 na 7 + 6 kuwa kitu kimoja, utapata 45. Pacha na majirani ni 17 kati ya hizo.

Anza na pacha, na usiguse majirani mpaka pacha wametulia kichwani. Hapa ndipo walimu wengi wanapoharakisha. Mtoto ambaye bado anahesabu ili apate 8 + 8, ukimwambia “tumia pacha upate 8 + 9”, umemwongezea kazi badala ya kumpunguzia.

Kadi tunatengeneza kwa manila. Karatasi moja ikatwe mara nne, nukta zichorwe kwa kuzungushia kizibo cha soda na kupakwa rangi, ili hata mtoto wa dawati la nyuma azione. Usizitawanye nukta ovyo. Namba 8 ichore kama mstari wa nukta tano na chini yake nukta tatu, na 7 iwe tano na mbili. Jicho la mtoto linatambua tano iliyopangwa vizuri bila kuihesabu.

Sasa shika kadi mbili za 8 pamoja. Waonyeshe watoto huku ukisema kimoyomoyo “moja, mbili”, kisha zigeuze. Ukizishikilia muda mrefu, wataanza kuhesabu nukta moja moja, na utaona midomo ikicheza na vichwa vikitikisika. Waulize waliona nini, si jibu ni ngapi. Mmoja atasema aliona tano mbili. Hiyo ni kumi. Mwingine atasema aliona tatu na tatu. Hiyo ni sita. Kumi na sita! Kiswahili chetu kinatusaidia sana hapa, kwani jina la namba linasema lenyewe jinsi ilivyoundwa. Anayejifunza kwa Kiingereza hana bahati hiyo anapofika kwenye “twelve”.

Kama hakuna manila, simamisha watoto wawili mbele. Kila mmoja aonyeshe vidole vinane: mkono mmoja mzima na vidole vitatu vya mkono wa pili. Mikono miwili mizima ni kumi, vidole vilivyobaki ni sita. Kwa 6 + 6 vitabaki viwili, kwa 7 + 7 vinne, kwa 9 + 9 vinane. Hivyo pacha wanne walio wagumu wote wanapatikana kwa njia moja.

Wakishazoea, mchezo wa dakika tano kabla ya somo unatosha. Mwalimu anataja “saba”, darasa linasubiri. Hakuna anayejibu mpaka mwalimu apige kofi, ndipo wote waseme “kumi na nne”. Kusubiri huko ni kwa lazima. Katika darasa la watoto sitini, wepesi watano wakijibu mara moja, hamsini na watano hawatafikiri kabisa.

Tukija kwa jirani, turudi kwenye ile 6 + 7. Chora kadi yenye mistari miwili: juu nukta sita za bluu, chini nukta sita za bluu na mwishoni moja nyekundu. Funika ile nyekundu kwa kidole gumba. “Ngapi?” Sita na sita, kumi na mbili. Ondoa kidole. “Na sasa?” Kumi na tatu. Fanya hivyo mara kadhaa, kisha onyesha kadi bila kufunika kitu na uulize: “Pacha yuko wapi?” Mtoto anayejibu “sita na sita, na mmoja amezidi” ameelewa. Mwingine atasema alianza na saba na saba akatoa moja. Mwache, naye yuko sahihi, ingawa kwa wengi kuongeza moja ni rahisi kuliko kutoa.

Makosa yatakuwepo, nayo yanasema mengi ukiyasoma vizuri. Chukua 7 + 8. Aliyeandika 13 yaelekea alipata pacha wa saba, 14, kisha akatoa moja badala ya kuongeza. Aliyeandika 17 alianza na pacha wa nane, 16, akaongeza badala ya kutoa. Wote wawili wanajua pacha lakini wamepotea njia, na dawa yao ni ile kadi ya nukta nyekundu. Jibu la 14 ni la kuchunguza zaidi. Huenda aliishia kwenye pacha, au huenda anahesabu vidole akianza na saba yenyewe: “saba, nane, tisa…” Muulize, “Ulianzaje?” Asiyeweza kutaja pacha yeyote arudishwe kwenye kadi za pacha.

Nyumbani mzazi anaweza kutumia dhumna, kwa kuwa kete zake zina nukta tayari. Kati ya kete 28, saba ni pacha, kuanzia tupu-tupu hadi sita-sita, na sita ni majirani. Mtoto achambue mafungu hayo mawili, kisha ataje jumla ya kila kete. Dhumna inaishia sita, kwa hiyo saba, nane na tisa zibaki kwa kadi.

Njia hii ina mpaka wake. Kwa 6 + 8 bado inasaidia: mwenye nane ampe mwenzake moja, wawe saba na saba. Lakini kwa 9 + 4 usimlazimishe mtoto kutafuta pacha. Nilimwona mmoja akianza na nne na nne, kisha akaongeza tano kwa vidole, maana alidhani ndivyo mwalimu anavyotaka. Hapo tisa ichukue moja kutoka kwa nne iwe kumi, na tatu ibaki pembeni.