Debiti au Krediti? Kwa Nini Tili Yako na Daftari Lako Zinaongea Kinyume

Tuseme una duka la ndara za ngozi sokoni Kariokor. Umeamua mwezi huu lazima uweke rekodi za maana, si zile za kuandika nyuma ya risiti. Unanunua daftari, unachora safu mbili: debiti kushoto, krediti kulia. Kisha unafungua stetimenti ya tili. Mteja amelipa shilingi 2,400, na stetimenti inasema akaunti yako imepata krediti. Basi unaandika 2,400 upande wa krediti wa Tili.

Hapo umeshakosea, na wengi huanzia hapo hapo.

Stetimenti ni daftari la nani?

Stetimenti ya tili inatoka kwenye vitabu vyetu, si vyako. Pesa ikiingia kwenye tili yako, sisi tunakuwa na deni kwako, maana siku yoyote unaweza kuidai. Deni likiongezeka huandikwa krediti. Kwako wewe pesa hiyo hiyo ni mali, na mali ikiongezeka huandikwa debiti. Kwa hivyo krediti yetu ni debiti yako. Ni shilingi zile zile, ila tunazitazama kutoka pande mbili za kaunta.

Kumbuka pia kwamba debiti si hasara na krediti si faida. Ni majina tu ya upande wa kushoto na wa kulia. Mali na gharama zikiongezeka huandikwa kushoto. Madeni unayodaiwa, mtaji wako na mauzo vikiongezeka huandikwa kulia. Kikipungua, kila kimoja huandikwa upande ule mwingine.

Tuandike siku moja

Asubuhi una ndara za shilingi 30,000, tili ina 8,000 na droo ina 2,000. Yote ni yako, hakuna mkopo. Kila jambo linaandikwa mara mbili:

- Kuanza: debiti Stoki 30,000, debiti Tili 8,000, debiti Droo 2,000, krediti Mtaji 40,000.
- Umeuza pea nne kwa 600 kila moja, mteja akalipa kwa tili: debiti Tili 2,400, krediti Mauzo 2,400.
- Fundi amekuletea ndara za 5,000, utamlipa Ijumaa: debiti Manunuzi 5,000, krediti Deni la Fundi 5,000.
- Umemlipa wa mkokoteni 300 kutoka kwa tili, na tuseme ada ni 10: debiti Usafiri 300, debiti Ada 10, krediti Tili 310.

Jioni, tafuta salio la kila akaunti. Tili ni 8,000 kuongeza 2,400 kutoa 310, yaani 10,090. Sasa jumlisha kushoto: 30,000, 10,090, 2,000, 5,000, 300 na 10. Unapata 47,400. Kulia: 40,000, 2,400 na 5,000. Pia 47,400. Pande zimelingana.

Usishangae kwamba Stoki bado inasoma 30,000 ilhali pea nne zimeondoka. Kwa duka dogo, unahesabu ndara zilizobaki mwisho wa mwezi na kurekebisha hapo. Kabla ya hapo, usiseme 2,400 ni faida.

Kosa linalojificha

Turudi kwa yule aliyenakili stetimenti. Ameandika krediti Tili 2,400, halafu kwa kuwa lazima kuwe na upande wa pili, akaandika debiti Mauzo 2,400. Akijumlisha, kushoto anapata 45,000 na kulia 45,000. Zinalingana kabisa! Kulingana kwa pande kunathibitisha tu kwamba kila debiti ina krediti yake. Hakusemi kama uliziweka mahali sahihi.

Kinachomfichua ni simu. Daftari lake linasema Tili ina 5,290, lakini akiangalia salio anaona 10,090. Tofauti ni 4,800. Igawe kwa mbili: 2,400. Kiasi kikiwekwa upande usio wake, tofauti huwa mara mbili ya kiasi chenyewe, kwa sababu hakikuongezwa na tena kikatolewa. Kwa hivyo tafuta daftarini malipo ya 2,400. Dalili nyingine ni Mauzo kuwa na salio la kushoto. Duka lililouza haliwezi kusoma hivyo.

Ukipata kosa, usifute. Andika debiti Tili 4,800 na krediti Mauzo 4,800, na kando useme ni marekebisho ya malipo gani. Nusu ya kwanza inaondoa kosa, nusu ya pili inaandika mauzo yenyewe.

Basi kila jioni kabla ya kufunga duka, jumlisha pande mbili, kisha linganisha Tili ya daftari na salio la simu. Droo nayo ihesabu kwa mkono. Stetimenti ikisema krediti, kalamu yako iende kushoto.