Laini ya nyumbani ikizimwa ukiwa ughaibuni

Tumchukue dereva mmoja wa Kitanzania anayefanya kazi Maskati. Siku aliyofika alinunua laini ya Omani, akaichomoa ile ya nyumbani na kuitia kwenye pochi. Simu haikulalamika. Wasapu ilibaki na namba yake ya Tanzania, programu ya benki ilifunguka kwa namba ya siri aliyoizoea, na kila mwezi aliona akiba ya kiwanja ikiongezeka. Hakuwa na sababu ya kuikumbuka laini ile.

Mwaka wa pili simu ikatumbukia majini. Akanunua nyingine, akapakua programu ya benki, akajaza namba ya akaunti, na benki ikamwandikia kwamba imemtumia namba ya uthibitisho. Akaitoa laini kwenye pochi na kuitia simuni. Kioo kikaandika kuwa hakuna huduma. Akaiwasha na kuizima mara kadhaa, akaomba namba nyingine, na nyingine tena, mpaka benki ikamfungia kwa muda kwa kuomba mara nyingi.

Kilichotokea si hitilafu ya benki. Ile simu ya kwanza ilikuwa imeshathibitishwa kabla hajaondoka, kwa hiyo benki iliitambua na haikuhitaji laini tena. Simu mpya ni mgeni mlangoni, na mgeni huulizwa. Wasapu nayo hufuata njia hiyohiyo: haijali laini iko wapi mpaka siku unapojisajili upya. Ndiyo maana tatizo hujificha miezi mingi, kisha hujitokeza siku ambayo simu imeibiwa, imeharibika au imebadilishwa.

Jambo la kwanza ni kujua laini imekufa au imekosa tu mtandao wa ugenini. Ili laini ya Tanzania isikike Omani, lazima huduma ya romingi iwe imefunguliwa na kampuni yako. Ingia kwenye mipangilio ya simu, acha kuchagua mtandao kwa otomatiki, kisha utafute mwenyewe. Majina kama Omantel na Ooredoo yakitokea, jaribu moja baada ya jingine. Ikikubali hata moja, laini ni hai. Ikikataliwa kote, bado huna jibu, kwa sababu laini isiyofunguliwa romingi na laini iliyozimwa kabisa huonekana sawa zikiwa mbali.

Jibu liko nyumbani. Mwombe ndugu aipigie namba yako kwa simu ya kawaida, si kwa Wasapu. Sauti ikisema namba haipatikani kwa sasa, huenda haijafutwa. Ikisema namba haipo au haitumiki, imefungwa. Kisha mwombe aanze kutuma pesa kidogo kwenda namba hiyo kwa simu na asome jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha, halafu aghairi. Likija jina lako, bado ni yako. Likija jina la mtu mwingine, namba imeshauzwa upya.

Kampuni hazifanyi hivyo kwa ubaya. Laini ambayo haijapiga, haijatuma ujumbe, haijawekwa salio wala kutumia intaneti kwa miezi kadhaa huhesabiwa kuwa imeachwa. Inafungwa, inakaa kando kwa muda, kisha namba inarudi dukani. Muda wenyewe hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na ni swali la kuuliza kabla ya kupanda ndege.

Dereva wetu alikuta jina ni lake bado. Akampigia kaka yake aliyeko Mbagala aende dukani kuirudisha laini. Kaka akarudi mikono mitupu. Tanzania husajili laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, na anayerudisha laini hupimwa vidole vilevile. Kidole cha kaka hakifungui laini yenye jina la mdogo wake. Usumbufu huo ndio unaomzuia tapeli kwenda dukani na kujifanya wewe, kwa hiyo sioni sababu ya kuulaani. Ila unamwacha aliye mbali na njia mbili tu.

Njia moja ni kuzungumza na kampuni ya simu kutoka huko uliko na kuuliza kama laini uliyonayo mkononi inaweza kufunguliwa bila kubadilishwa. Nyingine ni kuiacha laini kando na kwenda benki kwa maandishi: omba kubadilisha namba ya mawasiliano, uliza fomu gani inahitajika, na kama saini yako ithibitishwe ubalozini au kwa wakili. Kazi hii ni ya wiki, si ya siku. Dereva alichukua njia ya pili, na huku akisubiri aliwatumia watoto pesa kupitia maduka ya kubadilisha fedha ya Maskati, ambayo hayahitaji laini ya Tanzania.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kuacha laini kwenye kitochi cha mama. Namba ikija, mama anaisoma kwa simu. Inafanya kazi, lakini ujue unachokitoa: mwenye laini anaweza kubadilisha nywila zako nyingi bila kukuuliza, na akipigiwa na tapeli anayejiita mtu wa benki, atamsomea yeye pia. Tena namba hizo hufa baada ya dakika chache, na kitochi kikiwa kimeisha chaji, ujumbe utafika jioni ukiwa hauna kazi. Zikija kadhaa kwa mpigo, itumike ya mwisho pekee.

Kilicho bora ni laini ibaki kwenye tundu la pili la simu yako. Kabla ya safari fungua romingi ya sauti na ujumbe, lakini zima intaneti ya romingi, maana hiyo ndiyo inayonyonya salio. Kupokea ujumbe mfupi ukiwa ugenini kwa kawaida hakutozwi. Kupokea simu hutozwa. Mwombe ndugu akuwekee vocha kila mwezi, nawe utume ujumbe mmoja kwa laini hiyo ili ihesabike inatumika. Piga *106# ukiwa bado nyumbani uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama hii haimo, ilisajiliwa kwa vidole vya mtu mwingine, na hutaweza kuirudisha hata ukiwa Dar es Salaam.

Pale inapowezekana, ondoa laini kabisa kwenye njia ya kuingia. Akaunti ya Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja ya matumizi ya mara moja. Ziandike karatasini na uzitenge na simu. Zipo pia programu za uthibitisho zinazotengeneza namba mpya kila sekunde 30 bila mtandao wowote. Kwa Wasapu, ingawa laini imekufa, simu yenye akaunti hai bado inaweza kuhamia namba ya Omani kupitia sehemu ya kubadilisha namba, kwani ujumbe wa uthibitisho huenda kwa namba mpya. Fanya hivyo simu ikiwa nzima.

Na kama jina la mtu mwingine limetokea kwenye namba yako, usingoje likizo. Iandikie benki leo iitoe namba hiyo kwenye akaunti, kwa sababu kila namba ya uthibitisho inayotumwa kwako sasa inaingia kwenye simu yake.