Pole Bila Kukiri: Isimu ya Barua ya Kampuni ya Simu kwa Mteja Anayelalamika

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mwandishi wa Kiswahili katika kampuni ya simu anavyoweza kumjibu mteja aliyepata hasara kwa maneno yenye huruma ya kweli, bila kukiri hatia ya kisheria kabla ya uchunguzi kukamilika. Mfano unaotumiwa ni wa kubuniwa na umewekwa Utange, Kisauni, Mombasa. Tunadai kwamba suala hili ni la sarufi na semantiki kama lilivyo la sheria, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kulikabili ambazo lugha nyingine hazina.

1.0 Utangulizi

Tuchukue mfano wa Bi. M., mfanyabiashara wa vitambaa huko Utange. Jumamosi jioni simu yake ilipoteza mtandao. Alidhani ni hitilafu ya mnara. Jumatatu alikwenda kwenye duka la kampuni mjini, akarudishiwa laini, na papo hapo akagundua kwamba shilingi 18,400 zimetoka katika akaunti yake ya pesa za simu. Jumanne, tarehe 4, akaandika: "Wafanyakazi wenu wamempa mwizi laini yangu. Nataka pesa zangu."

Wizi wa namna hii hufanyika pale namba ya mtu inapohamishiwa kadi nyingine bila idhini yake. Anayeishika kadi hiyo mpya ndiye anayepokea jumbe zote, na akiipata namba ya siri au akifaulu kuibadilisha, pesa ni zake. Njia za kufikia hapo ni kadhaa. Huenda mhudumu alishirikiana na mwizi. Huenda mwizi alileta kitambulisho cha kughushi na mhudumu akadanganyika. Huenda pia mteja mwenyewe alipigiwa simu siku chache kabla, akalaghaiwa na kuitaja namba yake ya siri. Jumanne hiyo anayejibu barua hajui ni ipi kati ya hizi iliyotokea. Hapo ndipo ugumu ulipo: uchungu wa Bi. M. ni wa hakika, lakini chanzo chake bado.

2.0 Kwa nini neno moja lina uzito

Sheria ya Ushahidi ya Kenya (Sura ya 80), katika kifungu cha 17, inaeleza ukiri kuwa ni kauli, ya mdomo au ya maandishi, inayodokeza jambo linalobishaniwa. Neno la kuzingatia hapo ni kudokeza. Si lazima kampuni iandike "tuna hatia". Kishazi kimoja kinachochukulia hatia kuwa imekwisha kuthibitishwa kinatosha kusomwa mahakamani. Kifungu cha 24 kinaongeza kwamba ukiri si ithibati ya mwisho, lakini unaweza kumfunga aliyeutoa asiweze kuukana baadaye.

Kuna kinga katika kifungu cha 23: katika kesi ya madai, ukiri uliotolewa kwa sharti kwamba hautatumiwa kama ushahidi haupokelewi. Ndiyo asili ya maneno "bila kuathiri haki za upande wowote" yanayowekwa juu ya barua za mawakili. Hata hivyo, kinga hiyo ni ya mazungumzo ya kutafuta suluhu. Kuyapachika maneno hayo juu ya kila barua hakuifanyi barua ya kawaida kuwa ya mapatano, na mteja anayeyaona kwanza kabla hajapewa pole huelewa kwamba anaandikiwa na adui.

Mahali pengine watunga sheria wamelazimika kuingilia kati. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilipitisha sheria mwaka 2006 inayosema kwamba kuomba radhi si kukiri dhima. Sheria kama hiyo ilihitajika kwa sababu, miongoni mwa nyingine, Kiingereza hutumia neno moja kumpa pole mfiwa na kumwomba msamaha uliyemkosea. Kiswahili hakina utata huo.

3.0 Uchanganuzi wa kiisimu

3.1 Pole, samahani na tunasikitika

Pole hupewa mgonjwa, mfiwa, aliyejikwaa njiani na aliyetoka kazini amechoka. Hakuna anayedhani kwamba aliyesema pole ndiye aliyemkwaza. Jibu lake, "nimeshapoa", linathibitisha kwamba neno hili linahusu hali ya anayeambiwa, wala halihusu tendo la anayesema. Samahani na radhi ni tofauti. Samahani inatokana na kusamehe, na hakuna kusamehe pasipo kosa. Radhi nayo huombwa na mwenye deni la kimaadili. Kwa hiyo "pole sana kwa yaliyokufika" ni huruma tupu, ilhali "tunaomba radhi kwa yaliyokufika" hudokeza kwamba yaliyofika yametoka kwetu.

Haimaanishi kwamba samahani isitumike kabisa. Ikiwa barua ya Bi. M. ilikaa siku kumi bila kujibiwa, kampuni inajua kwamba imechelewa na inapaswa kuomba radhi kwa kuchelewa huko. Kanuni ni kuifunga radhi kwenye jambo mahususi ambalo limekwisha kujulikana, isisambae hadi kwenye lile linalochunguzwa.

"Tunasikitika" liko katikati, lakini Kiswahili cha ofisini kimelichakaza. Msomaji amelizoea katika "tunasikitika kukujulisha kwamba ombi lako halikufaulu", na akiliona mwanzoni mwa barua hujiandaa kunyimwa.

3.2 Kishazi rejeshi kinachobeba hukumu

Tazama sentensi hii: "Tunachunguza hasara uliyoipata kutokana na uzembe wa mhudumu wetu." Mwandishi anaweza kusema kwamba ameandika "tunachunguza" tu. Lakini uzembe umo ndani ya kirai nomino kama jambo lililokubaliwa tayari. Kipimo chepesi ni ukanushi. Geuza kitenzi kikuu: "Hatujachunguza hasara uliyoipata kutokana na uzembe wa mhudumu wetu." Uchunguzi umekanushwa, uzembe umebaki palepale. Chochote kinachobaki baada ya sentensi kukanushwa ni dhana tangulizi, na dhana tangulizi ndiyo inayodokeza.

Tiba yake ni kumrudishia mlalamishi maneno yake: "Umetueleza kwamba..." Hapa kuna mtego wa pili. Waandishi wengi huandika "unadai kwamba". Kudai ni kudai deni, na pia ni kusema jambo ambalo msikilizaji halisadiki. Bi. M. atausikia ule wa pili. "Umetueleza" halikubali wala halikanushi. Linamheshimu msemaji na kumwachia kauli yake.

3.3 Kauli za kitenzi

Linganisha "tuliihamisha laini yako", "laini yako ilihamishwa" na "laini yako ilihama". Ya kwanza inamtaja mtenda. Ya pili, kauli ya kutendwa, inakubali kwamba mtenda yupo ila haimtaji. Ya tatu haina mtenda kabisa, kana kwamba laini iliinuka ikajiendea. Mwandishi mwenye woga huvutiwa na ya tatu, na hapo ndipo huruma hufa, kwa kuwa msomaji yeyote wa Kiswahili husikia kwamba anachezewa. Kauli ya kutendeka, kama vile "mtandao ulikatika", inafaa pale ambapo kweli hakuna mtenda anayejulikana kuwapo. Katika kuhamisha laini kuna mkono wa mtu, kwa hiyo kauli ya kutendwa ndiyo iliyo sahihi kisarufi na kwa ukweli pia.

4.0 Rasimu mbili na barua

Rasimu ya mhudumu mwenye moyo mwema husomeka hivi: "Tunaomba radhi sana kwa kosa la mfanyakazi wetu. Pesa zako zote zitarejeshwa." Imekiri kosa, imemhukumu mfanyakazi ambaye hajasikilizwa, na imetoa ahadi. Uchunguzi ukionyesha vingine, Bi. M. atakuwa ameumizwa mara mbili.

Wakili akiisahihisha inakuwa: "Kampuni haikubali dhima yoyote kuhusu madai yako. Wateja hukumbushwa kutunza namba zao za siri." Hii haijakiri kitu, lakini sentensi ya pili inamlaumu mteja kwa kisichothibitishwa. Kosa ni lilelile la rasimu ya kwanza, limegeuzwa upande tu. Barua inayofaa ni kama hii:

"Bi. M.,

Tumeipokea barua yako ya Jumanne, tarehe 4, na tumeisoma yote. Umetueleza kwamba Jumamosi jioni simu yako ilipoteza mtandao, na kwamba uliporudishiwa laini Jumatatu ulikuta shilingi 18,400 hazimo. Pole sana. Kukaa siku mbili bila simu unayoendeshea biashara, kisha ukakuta akaunti imepungua hivyo, ni jambo zito.

Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba Jumamosi saa 11:20 jioni namba yako ilihamishiwa kadi nyingine. Hazituonyeshi aliyeomba uhamisho huo alikuwa nani, wala namna alivyotambuliwa. Hayo ndiyo tunayochunguza sasa.

Tumeizuia kwa muda akaunti iliyopokea pesa. Tafadhali piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe na ututumie namba ya ripoti hiyo. Tutakuandikia matokeo kabla ya Ijumaa, tarehe 14; uchunguzi ukiwa haujakamilika, tutakueleza ulipofikia.

Barua hii haiamui nani anawajibika, na haikuondolei haki yako yoyote, ikiwamo ya kupeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya."

Pole imekuja baada ya maelezo ya mteja, si kabla, ili aone kwamba inahusu yake. Ukweli uliomo kwenye kumbukumbu haukufichwa. Sentensi ya kujihifadhi imewekwa mwisho na inalinda pande zote mbili; ingelinda kampuni pekee ingekuwa tisho. Tarehe ya 14 ndiyo inayoipa pole uzito, kwani pole isiyofuatwa na tendo hugeuka kejeli.

5.0 Mipaka

Barua haiwezi kufanya kazi ya sheria. Kanuni za Kenya za mwaka 2010 za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano zinamtaka mwenye leseni awe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, na huduma za malipo kwa simu ziko chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Kenya. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inataka Kamishna wa Data aarifiwe katika saa 72 tangu uvujaji wa data unaoweza kumdhuru mwenye data ujulikane. Maneno laini hayasimamishi saa hiyo.

Mpaka mwingine ni wa ukweli. Mbinu zilizoelezwa hapa ni za kipindi ambacho mwandishi hajui. Akishajua kwamba mhudumu alishirikiana na mwizi, kuendelea kuandika "tunachunguza" si tahadhari tena bali ni udanganyifu, na Sheria ya Kulinda Mtumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo. Hapo ndipo samahani inapopata mahali pake, na fidia ifuate.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba pole na samahani hugawana kazi ambayo lugha nyingine huirundika kwenye neno moja, kwamba kipimo cha ukanushi hufichua ukiri uliojificha ndani ya kirai, na kwamba kauli ya kitenzi huchaguliwa kwa kufuata ukweli wa tendo. Tunapendekeza wanaofundisha uandishi wa barua rasmi wawape wanafunzi lalamiko moja, wawatake waandike jibu, kisha wakanushe kila kitenzi kikuu ndani yake na kuorodhesha kinachobaki.