Kura Ilipomwangukia Mwingine

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Wiki Hii: Mdo. 1:15–26; 1 Sam. 16:6–13, 1 Sam. 17:12–30, Hes. 27:1–7, 1 Sam. 18:1–9, 1 Sam. 23:15–18.

Fungu la Kukariri: Wafilipi 2:4.

Ulikitarajia cheo. Pengine ulikuwa umekikaimu, na watu walikwisha kukuita kwa jina lake. Kisha barua ikaja ikiwa na jina la mwenzako. Jumatatu asubuhi mnaingia kazini kwa mlango uleule, na meza yenu ya chai ni moja.

Mafundisho mengi juu ya jambo hili huishia kwenye siku ya barua: lia, omba, samehe. Lakini siku ya barua ni moja tu, na siku za kufanya kazi pamoja na aliyechaguliwa ni nyingi. Wiki hii tutaziangalia hizo siku nyingi. Tutaona kwamba jaribu kubwa la aliyeachwa mara nyingi huwa katika yale anayoyajua yeye, ambayo aliyechaguliwa bado hayajui.

JUMAPILI
Wawili Waliosimamishwa

Soma Matendo 1:15–26. Ni sifa gani zilizotakiwa kwa yule atakayeshika nafasi ya Yuda? Nani kati ya wale wawili alizikosa?

Petro alitaja sifa kabla ya majina. Mtu huyo awe ameandamana nao tangu ubatizo wa Yohana hadi siku Yesu alipochukuliwa juu. Wakasimamishwa wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya. Wote wawili walikuwa nazo sifa hizo. Kura ikamwangukia Mathiya.

Angalia jambo ambalo fungu halisemi. Halisemi kwamba Yusufu alikuwa na kasoro. Sisi tukiachwa hutafuta haraka moja ya maelezo mawili: ama mimi sifai, ama mwenzangu amependelewa. Hapa hakuna hata moja. Nafasi ilikuwa moja na waliofaa walikuwa wawili.

Baada ya hapo kitabu cha Matendo hakimtaji tena Yusufu. Lakini hakimtaji tena Mathiya kwa jina pia. Aliyepata na aliyekosa wote wanaingia katika kazi iliyo kubwa kuliko wao.

Kwa nini ni vigumu kukubali kwamba mwenzako alifaa na wewe pia ulifaa?

JUMATATU
Swali la Eliabu

Soma 1 Samweli 16:6–13 na 17:12–30. Eliabu alimwambia Daudi nini kule vitani, na kwa nini alimwambia hivyo?

Samweli alipomwona Eliabu alidhani ndiye. Alikuwa mzaliwa wa kwanza, mrefu wa kimo. Akapitwa. Daudi alitiwa mafuta katikati ya ndugu zake, kwa hiyo Eliabu alilishuhudia tendo hilo kwa macho yake.

Katika sura inayofuata Daudi anafika kambini akiwa amebeba chakula cha ndugu zake, kwa agizo la baba yao. Eliabu anawaka hasira. Anamwuliza amewaachia nani wale kondoo, na anasema ni wachache. Kisha anamhukumu moyo wake kuwa una kiburi.

Maneno yake yana dalili tatu ambazo hata leo zinaonekana katika ofisi zetu. Anaidogosha kazi ambayo mwenzake alikuwa akiifanya. Anadai kuijua nia yake. Na anauliza swali si kwa kutaka jibu, bali kwa kutaka kuumiza, tena mbele za watu. Lakini jibu lilikuwapo: fungu la 20 linasema Daudi alikuwa amewaacha kondoo kwa mlinzi. Eliabu hakujua, wala hakungoja kujua.

Kama unataka kujipima, usianze kwa kuuliza kama una hasira. Chunguza maswali unayomwuliza mwenzako katika kikao. Je, unayauliza upate jibu?

JUMANNE
Ambacho Hati Haikusema

Miaka mingi iliyopita nilikaimu ukuu wa shule moja ya sekondari kwa miezi 14. Nilikuwa na hakika nitathibitishwa. Akateuliwa mwalimu mwingine, mdogo kwangu kwa umri, nami nikarudi kuwa makamu wake.

Tulifanya makabidhiano vizuri. Nilikabidhi funguo, mhuri, vitabu vya fedha, orodha ya mali na hati iliyotiwa saini na wote wawili. Hakuna mkaguzi ambaye angeona dosari. Nilijihesabu kuwa mtu aliyeshinda jaribu.

Wiki ya tatu mkuu mpya alipitia orodha ya wadaiwa, akawarudisha nyumbani wanafunzi wenye deni kubwa. Mmoja wao alikuwa msichana wa kidato cha tatu aliyefiwa na baba. Bibi yake alikuja ofisini kwangu nilipokuwa nikikaimu, tukapatana kwamba atalipa baada ya mavuno. Tulipatana kwa mdomo tu. Mhasibu hakuwa na karatasi yoyote.

Nililiona jina lake kwenye ile orodha ilipobandikwa. Nikanyamaza. Nilijiambia, "Hajaniuliza." Ndani yangu kulikuwa na neno jingine ambalo sikutaka kulisikia: acha aone kwamba kazi hii si rahisi.

Siku ya tisa niliingia ofisini kwake nikafunga mlango. Nikamwambia, "Mkuu, yule mtoto nilipatana na bibi yake. Nilijua tangu siku ya kwanza, sikukuambia." Alinitazama kwa muda. Kisha akauliza, "Kuna mengine kama hayo, Mwalimu?" Yalikuwapo. Tuliketi hadi jioni nikamwandikia: mfanyabiashara wa mahindi anayekubali kungoja malipo, mzazi asiyepaswa kupigiwa simu kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani, mpishi anayeumwa mgongo asiyebebeshwa masufuria. Yalifika 11. Msichana alirudi kesho yake, akiwa amepitwa na mtihani wa nusu muhula.

Hakuna aliyenilaumu. Hati yangu ilikuwa safi. Lakini mtoto ndiye aliyelipa gharama ya kinyongo changu.

Soma Yakobo 4:17. Ni jambo gani unalijua juu ya kazi yako ambalo aliyechaguliwa halijui? Nani ataumia usipomwambia?

JUMATANO
Kuuliza Si Kunung'unika

Soma Hesabu 27:1–7. Binti za Selofehadi walipeleka jambo lao wapi, na mbele ya nani?

Wengine watasema, "Je, kama niliachwa kwa dhuluma? Nimtumikie tu na kunyamaza?" Hapana. Wale dada watano waliona kwamba utaratibu unawaacha nje pasipo haki. Hawakuzunguka hema kwa hema wakilalamika. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na wakuu, wakasema jambo lao na sababu yake. Musa akalipeleka kwa Bwana, na Bwana akasema wamenena haki.

Hapo tunapata njia. Mwendee aliyefanya uteuzi, si aliyeteuliwa, kwa kuwa mara nyingi huyu hakujichagua. Uliza kwa maandishi mambo mawili: ni sifa gani sikuifikia, na ni nini ninachoweza kuongeza. Kama sheria ya kazi ilivunjwa, taja kifungu na utumie njia ya rufaa iliyowekwa. Ukishapata jibu la mwisho, usilifufue jambo hilo katika chumba cha walimu.

Rufaa ni halali hata ukiwa unamsaidia mkuu mpya kila siku. Haya mawili hayapingani. Yanayopingana ni rufaa ya wazi na mgomo wa siri.

Kuna pia mtu atakayegundua, baada ya kujaribu kwa uaminifu, kwamba ni heri aombe uhamisho. Si dhambi kuondoka. Ila na aondoke akiwa amekabidhi yote, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa.

Utajuaje kama unatafuta haki au unatafuta watu wa kukuonea huruma?

ALHAMISI
Mkono wa Yonathani

Soma 1 Samweli 18:1–9 na 23:15–18. Linganisha Sauli na Yonathani. Wote wawili waliona nini kwa Daudi?

Wote wawili waliona kwamba mkono wa Bwana uko pamoja na Daudi. Sauli alisikia wimbo wa wanawake, akaanza kuhesabu, na tangu siku ile akamwonea Daudi wivu. Yonathani, mwana wa mfalme, ndiye aliyekuwa na mengi ya kupoteza. Tena hakuwa dhaifu. Sura ya 14 inasimulia ushujaa wake. Lakini alivua joho lake akampa Daudi, pamoja na upanga, upinde na mshipi.

Vitu hivyo vilikuwa na kazi. Daudi alikuwa mchungaji anayeingia katika maisha ya vita, na Yonathani alimpa alichohitaji ili afanikiwe. Baadaye, Daudi akiwa mafichoni, Yonathani alimwendea akamtia nguvu katika Mungu, akatamka waziwazi kwamba Daudi atakuwa mfalme naye atakuwa wa pili wake.

Kulitamka ni muhimu. Nilipokuwa makamu, walimu waliendelea kuniletea mambo ya ofisi ya mkuu. Mmoja alizoea kunisalimu, "Shikamoo, mkuu wetu wa kweli." Neno hilo lilikuwa tamu, nami nililiacha lipite mara nyingi kuliko inavyonipasa kukiri. Siku niliyomjibu, "Mkuu yuko ofisini, twende pamoja tukamwulize," salamu ile ilikoma. Aliyeachwa ndiye mwenye uwezo wa kuuzima upande unaojengwa kwa jina lake. Aliyechaguliwa hawezi kuuzima. Akijaribu, ataonekana anaogopa.

Je, wako wanaokuita kwa cheo kisicho chako? Utawajibu nini wiki ijayo?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena 1 Samweli 23:15–18, kisha usome 31:1–2. Yonathani hakufika siku ile aliyoitazamia. Alikufa Gilboa kabla Daudi hajatawazwa, na nafasi ya pili aliyoikubali hakuikalia. Hivyo alichompa Daudi hakikuwa mkopo wa kudaiwa baadaye. Wengi wetu humsaidia aliyechaguliwa tukihesabu kwamba safari ijayo zamu itakuwa yetu. Inaweza kuwa, na inaweza isiwe.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, ni makabidhiano gani ya kazi za kanisa au za ajira ambayo hufanyika kwa hati tu? Tajeni mambo ambayo kwa kawaida hubaki kichwani mwa mtu.

2. Wewe ukiwa ndiye uliyechaguliwa, na mwenzako aliyeachwa yuko chini yako, utamwuliza nini katika wiki ya kwanza? Zingatieni swali la yule mkuu: "Kuna mengine kama hayo?"

3. Ndugu mmoja anasema, "Nilimwambia kila alichoniuliza; asichouliza si shauri langu." Mngemjibu nini?

4. Ni wakati gani kukata rufaa kunalisaidia kanisa au mahali pa kazi, na ni wakati gani kunawagawa watu? Tumieni Hesabu 27 katika majibu yenu.