Katuni ya Sekunde 90 Dhidi ya "Nimekosea Namba"

Katuni nyingi za kuonya kuhusu utapeli wa pesa za simu hushindwa kwa sababu moja: zinataka kusema kila kitu. Ndani ya dakika moja mtazamaji anaonywa kuhusu zawadi za bahati nasibu, ajira za uongo, mganga wa utajiri, mtu anayejifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu na meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Akimaliza kutazama anajua kwamba matapeli wapo, jambo alilolijua tangu zamani. Lakini simu ikiita kesho, hajui kidole chake kifanye nini kwanza.

Chagua utapeli mmoja, utungie hadithi, na ufundishe hatua zake hadi mwisho. Mfano tutakaoufuata hapa ni wa Tanzania: meseji ya uongo kwamba umepokea pesa, ikifuatwa na simu ya mtu anayelia kwamba amekosea namba.

Uelewe utapeli kabla ya kuuchora

Utapeli huu una sura mbili, na anayejua moja tu atatengeneza katuni yenye tundu.

Sura ya kwanza ni ya meseji feki. Hakuna pesa iliyoingia. Tapeli ameandika mwenyewe maneno yanayofanana na ya mtandao wa simu, akayatuma. Wengi hufundisha kwamba meseji ya kweli huja kwa jina la huduma na ya uongo huja kwa namba ya kawaida. Mara nyingi ni hivyo, lakini usiifanye hiyo kuwa kinga pekee, kwa kuwa zipo njia za kutuma meseji yenye jina badala ya namba. Alama iliyo bora zaidi imo ndani ya meseji yenyewe. Tapeli hajui una kiasi gani kwenye akaunti, kwa hiyo ama ataacha kutaja salio, ama atalibuni. Hapo ndipo hadithi yako itakaposhikia.

Sura ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu pesa imeingia kweli. Inaweza kuwa imetoka kwa mtu mwingine aliyetapeliwa na kuelekezwa aitume kwako. Tapeli anakupigia akijifanya ndiye mwenye pesa, na anaomba uirudishe kwa namba nyingine, si ile iliyotuma. Ukikubali, umemfikishia mzigo. Mwenye pesa halisi akilalamika, mtandao utaanza kuitafuta kwako.

Kwa hiyo katuni inayoishia kwenye "angalia salio" imefunga mlango mmoja na kuacha wa pili wazi. Aliyeangalia salio akakuta pesa ipo, ataituma kwa moyo safi. Kanuni inayofaa kwa sura zote mbili ni hii: usirudishe pesa kwa mkono wako. Aliyekosea kweli ana njia yake ya kuipata kupitia huduma kwa wateja ya mtandao wake, bila wewe kumtumia hata shilingi.

Hadithi, onyesho kwa onyesho

Mhusika wetu ni Mama Zuhura, muuza nyanya katika soko la Mabibo, Dar es Salaam. Simu yake ni kitochi. Usimchore kama mtu mjinga. Mchore akiwa mwepesi wa hesabu, anayerudisha chenji bila kufikiri. Mtazamaji akimwona mjinga atasema "mimi si kama huyu", na onyo litampita.

*Sekunde 0 hadi 12.* Mteja analipa kwa simu. Meseji halisi inaingia, na skrini inaonyesha salio: Sh 112,400. Mama Zuhura anaisoma kwa sauti. Onyesho hili linaonekana la kawaida tu, lakini linampandia mtazamaji tarakimu atakayoihitaji baadaye.

*Sekunde 12 hadi 25.* Meseji nyingine: "Umepokea Tsh 85,000. Salio lako jipya ni Tsh 91,300." Usiieleze. Iache skrini nzima kwa sekunde nne, muda wa kutosha mtu kuisoma. Mwenye hesabu ataona: 112,400 ukijumlisha 85,000 ni 197,400. Salio limepungua wakati pesa inadaiwa kuingia.

*Sekunde 25 hadi 45.* Simu inaita. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." "Mama, samahani, nimekosea namba. Hiyo elfu themanini na tano ni ya dawa, mtoto amelazwa. Nakuomba unirudishie kwenye namba hii nyingine, ile nyingine ina shida. Fanya haraka mama, daktari ananisubiri." Mambo matatu yamo ndani ya maneno hayo: heshima, huruma na haraka. Kila mojawapo ni jema kwa mtu wa kweli, na ndiyo maana yanafanya kazi. Tapeli asionekane na pembe wala sura ya kutisha. Atoe sauti tulivu, ya kijana aliyelelewa.

*Sekunde 45 hadi 60.* Mama Zuhura anafungua menyu ya kutuma pesa. Jina la mpokeaji linatokea na tapeli anasema, "Ndiyo, hilo hilo, mama." Hapa funga tundu lingine: jina linathibitisha laini imesajiliwa kwa nani, halithibitishi nani ameishika. Mtangazaji aseme hivyo kwa sentensi moja. Kidole kinabofya tarakimu ya kwanza ya namba ya siri, ya pili, ya tatu. Muziki unakatika.

*Sekunde 60 hadi 75.* Macho yake yanarudi kwenye 91,300. Anakata simu. Onyesha kitendo hicho kwa ukubwa, kidole kikibofya kitufe chekundu, kwa sababu hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya usalama. Sauti ikiendelea sikioni, mtu hapati nafasi ya kufikiri. Kisha anapiga *150*00# mwenyewe. Salio: Sh 112,400. Hakuna kilichoingia.

*Sekunde 75 hadi 90.* Simu inaita tena. Jibu lake ni fupi: "Kama umekosea kweli mwanangu, piga mia moja. Mtandao wako utakusaidia." Anakata. Kadi ya hatua inatokea.

Jibu hilo ndilo linaloziba sura ya pili ya utapeli. Hata salio lingeonyesha 197,400, Mama Zuhura angesema maneno yale yale, na pesa ile asingeigusa mpaka mtandao useme.

Kadi ya hatua

Weka hatua tatu tu, kila moja ianze na kitendo, na kila moja iwe imekwisha kuonekana ndani ya hadithi:

1. Kata simu.
2. Angalia salio mwenyewe kwenye menyu ya huduma yako.
3. Usirudishe pesa. Mwambie apige 100.

Menyu hutofautiana: M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money ni *150*60#. Ukiandika zote kwenye kadi moja hakuna itakayosomeka, hivyo tengeneza nakala ya kadi kwa kila mtandao au andika tu "menyu ya huduma yako". Namba 100 ni ya huduma kwa wateja ya mitandao yetu mikubwa, basi ibaki.

Baada ya kadi ongeza sekunde tano za maelezo kwa aliyekwisha kutuma: apige 100 papo hapo, kwa maana pesa ambayo tapeli hajaitoa kwa wakala bado inaweza kuzuiwa, kisha aripoti namba ya tapeli kwa 15040, namba ya TCRA ya taarifa za utapeli, na aende polisi akiwa na meseji zake bila kuzifuta. Kurudishiwa pesa si jambo la uhakika. Katuni isiahidi.

Sauti, maandishi na uzito

Kwa sekunde 90 usiandike zaidi ya maneno 140 ya kusemwa, mazungumzo na mtangazaji pamoja. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na maonyesho ya meseji, kidole na salio yanahitaji ukimya. Soma maandishi yako kwa sauti ukiwa na saa mkononi kabla hujachora chochote. Yakizidi, punguza mtangazaji, usimguse Mama Zuhura.

Wengi wataitazama kwenye simu, pengine bila sauti. Chora kwa umbo la wima, pikseli 1080 kwa 1920, na kila neno la lazima liandikwe pia. Tarakimu za salio ziwe kubwa kiasi kwamba mtu wa makamo azisome bila miwani. Ukitoa video kwa kilobiti 1,000 kwa sekunde, sauti ikiwemo, sekunde 95 zitakuwa na uzito wa karibu megabaiti 12, mzigo ambao mtu anaweza kuupakua na kuwatumia wenzake bila kumaliza bando.

Kwenye skrini za kuchorwa usiweke namba ya simu iliyokamilika. Inaweza kuwa ya mtu. Andika 07XX na tarakimu zilizofichwa. Usitumie nembo ya kampuni bila ruhusa.

Ijaribu kabla ya kuichora

Kabla ya kutia rangi na mwendo, panga michoro ya penseli isiyosogea, iwekee sauti uliyorekodi kwa simu, kisha uwaonyeshe watu wa aina ya Mama Zuhura: muuza samaki, fundi cherehani, wakala mwenyewe. Usiwaulize "mmeelewa?", kwa kuwa jibu litakuwa ndiyo. Mpe mmoja simu, jifanye wewe ndiye kijana mwenye mtoto hospitalini, na umwangalie mkono wake.

Akibaki anabishana nawe simuni, onyesho la kukata simu ni dogo mno, likuze. Akiisoma upya meseji badala ya kufungua menyu, hajatofautisha meseji na salio. Ongeza muda kwenye *150*00#. Akikagua salio kisha akauliza, "Na kama pesa ipo?", amekuonyesha kwamba jibu la mia moja limepita haraka. Rekebisha michoro, tafuta watu wengine, jaribu tena. Penseli hufutika kwa dakika moja. Mwendo uliokamilika hula siku nzima kuubadilisha.