Tangazo la kozi ya kodingi: andika ada yote, saa zote, na idadi ya waliopata kazi

Matokeo ya MSCE yakitoka, makundi ya WhatsApp ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, hujaa matangazo. Mengi yanafanana: picha ya kijana mbele ya laptopu, maneno makubwa "Jifunze kodingi kwa miezi minne, upate kazi", chini yake namba ya simu na onyo kwamba nafasi ni chache. Tangazo hilo hilo hubandikwa kwenye kuta za maduka ya Mchesi, Lilongwe, ambako wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili wamefanya biashara kwa miaka. Mzazi anayelisoma ana maswali matatu: mtoto atanigharimu kiasi gani mpaka mwisho, atakuwa darasani saa ngapi, na baada ya hapo atapata nini. Picha haimjibu hata moja.

Makala haya ni ya mwenye kituo anayetaka kuandika maelezo ya chini ya picha bila kumdanganya mtu, na ya mzazi au kijana anayetaka kuyapima kabla ya kutoa pesa. Tuchukue mfano wa kubuni, tuutumie mpaka mwisho: kituo kidogo ndani ya Dzaleka, wanafunzi 24 waliomaliza kidato cha nne, kompyuta 12, kozi ya wiki 16.

Tuanze na ada. Kituo chetu kinatoza kwacha 30,000 kwa mwezi, na ndicho kiasi ambacho wengi wangekiandika kwa herufi kubwa. Lakini kuna usajili wa kwacha 10,000 unaolipwa mara moja, na miezi ni minne. Jumla ni kwacha 130,000. Hiyo ndiyo namba ya kuandikwa kwanza, kisha ndipo useme kwamba inalipwa kidogo kidogo. Anayemlipia mtoto kwa pesa za kuuza mandazi hupanga kwa jumla. Akiona 30,000 peke yake anaweza kuanza, halafu mtoto akaacha mwezi wa tatu, na kozi iliyokatika nusu haina cheti wala kazi.

Baada ya jumla, taja yasiyomo. Je, bando la kufanyia mazoezi nyumbani ni la mwanafunzi? Cheti kinalipiwa? Mtu akiacha katika wiki mbili za mwanzo anarudishiwa kiasi gani? Sentensi mbili zinatosha kujibu haya. Taja pia jina litakalotokea kwenye simu mtu anapolipa kwa Airtel Money au Mpamba. Kambini pesa nyingi hupita kwa watu wa kati, na jina likitofautiana na la kituo, hapo pana jambo la kuuliza.

Ratiba nayo ina mtego wake. "Miezi minne" ni muda wa kalenda, haimwambii mtu atajifunza kiasi gani. Kituo chetu kinafundisha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 2:00 hadi saa 5:00 asubuhi. Ongeza saa za simu, 08:00 hadi 11:00, kwa sababu Dzaleka wanakaa watu wa nchi nyingi na si wote wanahesabu saa kwa namna moja. Saa tatu mara siku tatu mara wiki 16 ni saa 144. Sasa kumbuka kompyuta ni 12 na wanafunzi 24. Kila wawili wanashika kibodi moja, kwa hiyo mmoja anaandika yeye mwenyewe kwa saa 72 hivi, na saa nyingine 72 anamtazama mwenzake. Kutazama kunafundisha, siwezi kusema ni bure, lakini kodingi huingia kwa vidole. Andika "kompyuta moja kwa wanafunzi wawili". Ni maneno matano tu, na yanaeleza ubora wa kozi kuliko sifa zozote za mwalimu.

Umeme ukikatika inakuwaje? Siku ya mgao wa msaada, wakati nusu ya darasa imesimama foleni, somo linaendelea au linasogezwa? Kituo kilichokwisha kufundisha angalau darasa moja Dzaleka kina jibu. Kwa mfano wetu: somo lililokosekana linarudiwa Jumamosi asubuhi ya wiki hiyo hiyo. Na kama mwanafunzi anatoka Mchesi, tangazo liseme wazi kwamba masomo yako kambini, umbali wa kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe, na nauli ni juu yake. Ikiwa ni kinyume, yaani darasa liko mjini na mwanafunzi ni mkimbizi wa kambini, ni lazima tangazo lizungumzie ruhusa ya kutoka. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya. Kumwandikisha kijana wa kambini katika darasa la mjini bila kumtajia jambo hilo ni kumtuma njiani bila kumwambia kuna kizuizi.

Sasa tufike kwenye kazi, mahali ambapo matangazo huharibika zaidi, mara nyingi bila mtu kutamka uongo wa moja kwa moja. Hebu tufuate wale 24. Waliomaliza ni 17. Miezi sita baadaye kituo kinawapigia simu wote 17. Wawili wana ajira ya mshahara, na mmoja wao ameajiriwa na kituo chenyewe kama mwalimu msaidizi. Wanne wamewahi kulipwa angalau mara moja kwa kazi ndogo, kama ukurasa wa duka au kurekebisha tovuti ya kanisa. Watatu wanaendelea na masomo. Watano hawajapata kazi yoyote ya kompyuta. Watatu hawapatikani.

Mtu wa matangazo akishika namba hizi atawatupa watatu wasiopatikana, abaki na 14. Kisha atajumlisha walioajiriwa, waliowahi kulipwa na wanaosoma, apate tisa, aandike kwamba asilimia 64 ya wahitimu "wamepiga hatua". Akiwa jasiri zaidi atasema wale watano hawakutafuta kazi kwa bidii, awatoe nao, na asilimia itakuwa 100. Lakini kijana anayesimama mlangoni akitaka kujiandikisha bado ni mmoja wa wale 24 wanaoanza. Kwake yeye hesabu ni hii: wawili kati ya 24 walipata mshahara, na sita kati ya 24, yaani robo, waliwahi kulipwa kwa ujuzi huo, kidogo au zaidi. Darasa ni lile lile. Tofauti imetoka kwenye kuchagua nani ahesabiwe.

Si vituo vidogo tu vinavyonaswa na hili. Shule ya Marekani iliyoitwa Lambda School, baadaye BloomTech, ilitangaza kwamba wahitimu wake wanaopata kazi ni kati ya asilimia 71 na 86. Aprili 2024 ofisi ya serikali ya huko inayolinda watumiaji wa huduma za fedha iliichukulia hatua, ikasema hesabu za ndani za shule zilikuwa karibu na asilimia 50, na kwa baadhi ya madarasa zilishuka hadi 30. Mkuu wa shule aliwahi kutangaza darasa moja lililopata kazi kwa asilimia 100. Darasa hilo lilikuwa na mwanafunzi mmoja.

Kwa hiyo usiandike asilimia kwa darasa la watu 24. Andika watu. Sema walioanza, waliomaliza, waliolipwa, kazi za aina gani, na ulihesabu lini. Yule aliyeajiriwa na kituo chenyewe mtaje peke yake. Kama hili ni darasa lenu la kwanza, hakuna matokeo ya kutangaza. Andika hivyo hivyo, na wala si aibu.

Kuna jambo jingine ambalo tangazo la Nairobi au Dar es Salaam lisingelihitaji. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka vikwazo kwenye baadhi ya vifungu, kikiwemo cha kazi ya mshahara na cha uhuru wa kutembea. Maana yake, mkimbizi wa Dzaleka aliyefaulu sawasawa na Mmalawi wa Lilongwe hana mlango sawa wa ajira. Kazi za mtandaoni nazo haziko wazi kama zinavyosifiwa, kwa kuwa akaunti za kupokelea malipo hudai kitambulisho, na cha mkimbizi hakikubaliki kila mahali. Tena wanaoanza ndio huangushwa kwanza soko likibadilika: Septemba 2019 kampuni ya Andela iliwapunguza mamia ya waandishi wa programu wa ngazi ya chini katika Nigeria, Uganda na Kenya, na hao walikuwa wamechujwa na kufundishwa kwa muda mrefu kuliko saa 144.

Saa hizo 144 zinatosha nini basi? Mwanafunzi anayehudhuria atajua HTML na CSS, mwanzo wa JavaScript, na atakuwa na tovuti moja au mbili alizotengeneza mwenyewe, zinazofunguka kwenye simu ya mteja. Huo ni ujuzi wa kweli. Haumfanyi mhandisi wa programu, na tangazo lisitumie cheo hicho.

Tukiyaweka pamoja, maelezo ya chini ya picha yatakuwa hivi:

> Kozi ya kutengeneza tovuti kwa waliomaliza kidato cha nne. Mahali: Dzaleka. Wiki 16, saa 144: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 2:00 hadi 5:00 asubuhi (08:00–11:00). Kompyuta moja kwa wanafunzi wawili. Umeme ukikatika, somo linarudiwa Jumamosi.
>
> Gharama yote: kwacha 130,000 (usajili 10,000, kisha 30,000 kila mwezi kwa miezi minne). Cheti kimo. Bando la nyumbani na nauli havimo. Ukiacha ndani ya wiki mbili, tunakurudishia ada ya mwezi, usajili haurudi.
>
> Darasa lililopita: walianza 24, walimaliza 17. Baada ya miezi sita, 2 walikuwa na ajira ya mshahara (mmoja hapa kituoni), 4 walikuwa wamelipwa kwa kazi ndogo, 3 walikuwa wanasoma, 5 hawakuwa na kazi ya kompyuta, 3 hatukuwapata. Hatuahidi kazi. Kwa mkimbizi, sheria inaweka mipaka ya kuajiriwa. Njoo uulize kabla ya kulipa.

Wenye vituo husema tangazo kama hili litawafukuza wateja. Litawapunguza, ndiyo. Watakaobaki wamekuja wakijua wanachonunua, na hao hawaachi kwa hasira mwezi wa pili.

Kwako mzazi: kabla ya kutoa hata kwacha moja, waulize wanaofundisha bure. Dzaleka imekuwa na mafunzo ya kompyuta yasiyolipiwa, kwa mfano ya JRS, au ya TakenoLAB iliyoanzishwa na Remy Gakwaya, aliyefika kambini kama mkimbizi kutoka Burundi. Nenda ujue kama wanapokea wanafunzi sasa. Usipopata nafasi huko, nenda kwenye kituo cha kulipia na uombe vitu viwili tu: idadi ya walioanza darasa lililopita, na nafasi ya kuongea na mhitimu mmoja ambaye hakupata kazi. Wakikunyima vyote viwili, usilipe.