Usonji Katika Darasa la Kawaida: Mwalimu wa Tumati Afanye Nini Kabla ya Kusema "Mtoto Mtukutu"?

Utangulizi

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida. Kwa hiyo mtoto mwenye usonji anaweza kuwa kwenye dawati la mbele la darasa lako la pili, wanafunzi wakiwa sabini na wewe ukiwa peke yako. Chuo cha Patandi kule Arusha huandaa walimu wa elimu maalumu, lakini wengi wetu tunaosomea ualimu wa kawaida tunakutana na usonji kwenye mihadhara michache tu, halafu fildi inatusubiri. Makala haya yanaangalia jambo moja: kumwelewa mtoto anayekimbia darasani na kurekebisha darasa kwa vitu vilivyopo.

Je, ni usonji au ni lugha?

Tumati, wilayani Mbulu, watoto wengi huanza shule wakiwa wanazungumza Kiiraqw nyumbani. Mtoto akikaa kimya kwenye somo la Kiswahili, huenda lugha tu ndiyo ngeni. Huyo utamjua nje: anacheka na wenzake kwa Kiiraqw, anakuonyesha kitu kwa kidole, anakutazama ili aone kama umeelewa. Mwenye usonji hupata shida ya mawasiliano hata kwa lugha ya mama yake. Kwa hiyo muulize mzazi: anapotaka kitu anaombaje? Hucheza na ndugu zake? Mwite pia kwa nyuma uone kama anasikia. Majibu haya hayakupi ruhusa ya kutangaza ugonjwa. Kazi hiyo ni ya wataalamu wa afya, na masikio yapimwe kwanza. Marekebisho ya darasa, hata hivyo, hayahitaji kusubiri cheti cha daktari.

Mfano

Mfano huu nimeuunda kutokana na niliyoyaona fildi kwa watoto kadhaa, ili asitambulike hata mmoja. Mvulana wa darasa la pili hukimbia nje karibu kila siku. Walimu wanasema ni mtukutu, na fimbo haijasaidia.

Mwalimu anachora jedwali lenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Anaandika kwa siku kumi. Mtoto amekimbia mara 12. Mara 8 ni pale kengele, yaani rimu ya gari, ilipogongwa karibu na dirisha lake, naye aliziba masikio kwanza. Mara 4 ni wakati wa kunakili maswali ubaoni. Hapa kuna sababu mbili, na kila moja ina dawa yake.

Kwa kengele, mtoto anahamishiwa upande wa mbali na rimu. Kabla haijagongwa, mwalimu anamwonyesha picha ya kinachofuata. Picha hizo zinachorwa kwenye vipande vya boksi: kitabu, daftari, kikombe cha uji, mpira, nyumba. Zinapangwa kwa mfuatano wa ratiba, na kila kipindi kikiisha yeye mwenyewe anageuza kipande chake. Sasa kubadilika kwa kipindi hakumshtukizi tena.

Kwa kunakili, tazama safu ya tatu: kila akikimbia, kazi inaishia hapo. Kukimbia kunamlipa. Basi anapewa maswali matatu badala ya kumi, yakiwa yameandikwa karibu naye, pamoja na kadi ya kupumzika. Akiitoa, anakaa dakika tatu kwenye kona tulivu kisha anarudi kwenye swali lilelile. Mwanzoni akionyesha dalili za kutaka kukimbia, mwalimu anamwelekeza mkono kwenye kadi. Maagizo nayo yanakuwa mafupi: jina lake kwanza, tendo moja, halafu mwalimu anasubiri kidogo kabla ya kurudia.

Utajuaje kama imefaulu?

Endelea na jedwali siku kumi nyingine. Mbio zikipungua na maswali yakafanyika, endelea, kisha ongeza swali la nne. Mbio zikipungua lakini daftari likabaki jeupe, ujue hujamsaidia, umemwacha tu. Na kama anakimbia vilevile hata kengele ikiwa mbali, tafuta sababu nyingine: njaa, choo, au mwenzake anayemchokoza.

Mipaka nayo ipo. Katika watoto sabini mwalimu hawezi kujaza jedwali kila dakika, ndiyo maana anaandika tukio la kukimbia tu. Mwalimu wa zamu asipoambiwa, atamchapa kwa kosa ambalo wewe umeanza kulitibu. Na mwalimu akihama, ukurasa huo wa jedwali umfikie anayepokea darasa, la sivyo mtoto anaanza upya.

Pendekezo

Kwenye mazoezi ya kufundisha tunakaguliwa andalio la somo na zana. Napendekeza mkaguzi aombe pia jedwali moja la safu tatu la mtoto mmoja. Ni karatasi moja tu, na mwanachuo atatoka fildi akiwa amewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake.